Barua ya wazi kwa wanaosoma ripoti zetu za mwezi: wale watoto tisa

Waheshimiwa viongozi wa afya,

Mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo, miongoni mwa zile ambazo katika jedwali lenu la mwezi huchukua mstari mmoja tu. Nawaandikia kuhusu namba moja iliyokuwa kwenye mstari huo, na kuhusu barua ya onyo iliyoandikwa kwa sababu yake. Naomba mnivumilie nieleze tangu mwanzo, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoiona namba ile niliiamini.

Namba ilikuwa 2,689. Huo ulikuwa wastani wa uzito wa kuzaliwa, kwa gramu, wa watoto waliozaliwa kwetu mwezi ule. Mwezi uliotangulia tulikuwa karibu na 3,100, sawa na kituo kikubwa tunachokipelekea rufaa. Kwenye kikao jedwali lilitundikwa ukutani likiwa limepangwa kuanzia kituo cha juu hadi cha chini, na sisi tulikuwa wa mwisho. Mstari wetu ulipakwa rangi nyekundu. Pembeni yake paliandikwa kwamba asilimia 22 ya watoto wetu walikuwa na uzito pungufu, yaani chini ya gramu 2,500. Tukaulizwa tumewafanyia nini kina mama wajawazito. Hatukuwa na jibu. Baada ya wiki mkunga mwenzangu, mama mtu mzima aliyenifundisha kushika mtoto aliyezaliwa, akapokea barua ya kutakiwa kujieleza, kisha ya onyo.

Jioni ile alikaa kwenye benchi la nje, barua ikiwa mapajani. Aliniambia, "Mwanangu, nimezalisha miaka yote hii. Kama ninakosea, basi nionyeshwe ninapokosea." Nikaona sina haki ya kumfariji kabla sijajua ukweli. Huenda kweli tulikuwa tunakosea.

Nilianza na mizani, kwa kuwa mizani iliyolegea huharibu namba zote bila mtu kujua. Nilichukua chupa ya plastiki, nikairudisha mizani kwenye sifuri chupa ikiwa juu yake, kisha nikaijaza lita mbili za maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo sindano ilipaswa kusimama kwenye 2,000. Ilisimama pale pale. Mizani ilikuwa nzima.

Kisha nikafungua rejista ya wazazi, nikanakili uzito wa kila mtoto wa mwezi ule kwenye karatasi, kuanzia mdogo hadi mkubwa: 1,500, 1,700, 2,700, 2,800, 2,900, 3,000, 3,100, 3,200, 3,300. Walikuwa tisa tu. Jumla yao ni gramu 24,200, na ukigawa kwa tisa unapata 2,689. Hesabu iliyopelekwa kwenu ilikuwa sahihi kabisa. Lakini itazameni hiyo orodha. Hakuna hata mtoto mmoja mwenye uzito wa karibu 2,689 isipokuwa yule wa 2,700, na watoto saba kati ya tisa wako juu ya wastani wao wenyewe. Mtoto wa katikati, wa tano kutoka upande wowote, ana 2,900. Wastani ulikuwa umeburutwa na wawili wa mwanzo.

Wale wawili walikuwa pacha.

Kwa kawaida mama mwenye mimba ya pacha tunampa rufaa mapema ili ajifungulie kituo kikubwa. Huyu alifika usiku, uchungu umeshakolea, na usafiri wa kumpeleka mbele haukupatikana kwa wakati. Mkunga mwenzangu aliwapokea wote wawili kwa mikono yake. Aliwakausha, akawaweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, akawafunika kichwa na mgongo, akasimamia wanyonye, na alfajiri gari lilipopatikana wakapelekwa rufaa wakiwa wamebebwa hivyo hivyo kifuani. Walifika wakiwa na joto la kawaida. Katika miaka yangu hapa sijaona usiku ambao zahanati yetu ilifanya kazi vizuri zaidi ya ule. Ndio usiku uliotupaka rangi nyekundu.

Sasa fikirini gari lingepatikana mapema. Tungebaki na watoto saba wenye jumla ya gramu 21,000, na wastani wetu ungekuwa 3,000 kamili, bila mtoto hata mmoja mwenye uzito pungufu. Pacha wangezaliwa kituo kikubwa, ambacho mwezi ule kilikuwa na watoto 400 wenye wastani wa 3,110. Wangeongezwa wale wawili, wastani wa kituo kile ungeshuka hadi takriban 3,102. Gramu nane tu. Watoto wale wale, kwetu walishusha wastani kwa gramu 311, kule wangeushusha kwa nane, na hakuna mtu ambaye angegundua.

Ningeweza kuishia hapo na kuandika kwamba pacha ndio sababu. Niliwaza hivyo kwa siku mbili tatu. Kilichonizuia ni kwamba maelezo ya namna hiyo hupatikana siku zote ukiyatafuta. Kila mwezi mbaya una kisa chake, na ukitoa wale wasiokupendeza utabaki na wastani unaoutaka. Nilitaka kujua: bila pacha, bila kisa chochote, wastani wa watoto tisa unaweza kuyumba kiasi gani wenyewe?

Nikarudi nyuma miezi 24 katika rejista. Tulikuwa tumezalisha watoto 212. Niliandika uzito wa kila mmoja kwenye kipande cha karatasi, nikavikunja vyote sawa, nikavitia kwenye ndoo. Wastani wa ndoo nzima ulikuwa karibu sana na 3,100. Kuhusu mtawanyiko, takriban theluthi mbili ya watoto walikuwa kati ya 2,600 na 3,600, yaani gramu 500 huku na 500 huko. Ndivyo watoto wanavyozaliwa. Hakuna mkunga anayewapanga.

Mkunga mwenzangu ndiye aliyekuwa akichota. Alichukua vipande tisa bila kuangalia, mimi nikapiga hesabu ya wastani, vikarudi ndooni, tukavichanganya, akachota tena. Tulifanya hivyo mara 20. Wastani wa chini kabisa tulioupata ulikuwa 2,790, wa juu kabisa 3,380. Ndoo ile ile, usiku ule ule, mkono ule ule. Ingekuwa ni ripoti za mwezi, zahanati yetu ingekuwa imeshika mkia na kuongoza wilaya kabla ya taa kuzimwa.

Kisha nikamwomba achote 36 kwa mara moja badala ya tisa, na tukarudia mara 20. Safari hii wa chini ulikuwa 2,950 na wa juu 3,240. Mchezo wa kuyumba ulipungua karibu nusu. Aliniuliza kwa nini nusu, wakati vipande ni mara nne zaidi. Swali hilo ndilo lenye jibu la yote haya.

Wastani wa watoto wachache huyumba kwa kiasi kinachopatikana ukichukua mtawanyiko wa mtoto mmoja mmoja na kuugawa kwa kipeuo cha pili cha idadi yao. Kwa watoto tisa ni 500 kugawa kwa 3, sawa na gramu 167. Kwa 36 ni 500 kugawa kwa 6, yaani 83. Kwa kituo kikubwa chenye 400 ni 500 kugawa kwa 20, yaani 25 tu. Mara nyingi, yaani takriban mara 95 katika 100, wastani utaangukia ndani ya mara mbili ya kiasi hicho kwa kila upande. Hivyo kituo kikubwa, kikiwa katika hali yake ya kila siku, kitatembea kati ya 3,050 na 3,150. Sisi, tukiwa katika hali yetu ya kila siku, tutatembea kati ya takriban 2,770 na 3,430. Kanuni hii haikuanzia kwangu. Abraham de Moivre, mwanahisabati Mfaransa aliyeishi London, aliifahamu tangu karne ya 18.

Namba yetu ya 2,689 ilikuwa nje kidogo ya mpaka huo, na lazima niseme kwa nini. Hesabu ile inachukulia kwamba kila mtoto amekuja kivyake, uzito wake hauna uhusiano na wa mwingine. Pacha hawaji hivyo. Akiwa mdogo mmoja, mwenzake naye ni mdogo, kwa sababu wamegawana tumbo moja na mara nyingi wanatoka kabla ya wakati. Kwa hiyo watoto wetu tisa walikuwa na mama wanane tu, na tukio moja lilihesabiwa mara mbili. Katika rejista ya miezi 24 nilikuta jozi mbili tu za pacha. Mwezi wenye pacha kwetu huja takriban mara moja kwa mwaka, na ukija lazima jedwali lilie.

Baada ya hapo nilipitia miezi yote 24 mmoja mmoja nikiwa na jicho jingine. Idadi ya watoto ilikuwa kati ya watano na 14. Mwezi wetu wa aibu ulikuwa na watoto tisa. Mwezi wetu wa sifa, wenye wastani wa 3,460, ulikuwa na watoto watano. Miezi yenye watoto 12 na zaidi yote ilikaa karibu na 3,100, haikusifiwa wala kulaumiwa. Hali kama hii imeonekana mahali pakubwa kuliko kwetu. Nchini Marekani, maeneo yaliyoonekana kuwa na viwango vya chini kabisa vya saratani ya figo yalikuwa ya vijijini yenye watu wachache. Mtu angeweza kusifu hewa safi. Lakini maeneo yenye viwango vya juu kabisa nayo yalikuwa ya vijijini yenye watu wachache. Palipo na watu wachache, kifo kimoja kinapandisha kiwango juu sana, na kutokuwepo kwa kifo kunakishusha hadi sifuri. Orodha yoyote inayopanga vituo kwa wastani mara nyingi itaweka vidogo juu kabisa na chini kabisa, hata kama vyote vinafanya kazi sawasawa.

Waheshimiwa, kuna jambo lililofuata ambalo linaniuma zaidi ya ile rangi nyekundu. Baada ya onyo mlituma wasimamizi. Walikuja kwa heshima, wakakaa nasi siku moja, wakatukumbusha mambo ya lishe ya wajawazito na vidonge vya kuongeza damu. Mwezi uliofuata walizaliwa watoto saba, wastani 3,210. Kwenye kikao mkasema onyo limezaa matunda. Tulipigiwa makofi, nami nikasimama kuyapokea.

Hatukuwa tumebadilisha chochote ambacho kingeweza kuongeza gramu 521 kwa wiki nne. Mama aliyejifungua mwezi ule alikuwa na mimba ya miezi minane wasimamizi walipofika. Wastani ulirudi kwa sababu ulikuwa umeanguka chini kuliko kawaida yetu, na mwezi wa baada ya mwezi mbaya sana mara nyingi huwa nafuu, umekemewa au hukukemewa. Vivyo hivyo, mwezi wa baada ya sifa mara nyingi huonekana kama uzembe. Ukikemea kila mwezi mbaya na kusifu kila mwezi mzuri, utajifunza kwamba kukemea kunafaa na kusifu kunaharibu, na utakuwa umefundishwa na bahati. Yale makofi nayarudisha.

Lipo na kosa jingine, la hesabu tupu, ambalo linaweza kurekebishwa leo. Katika muhtasari wenu wastani wa eneo zima hupatikana kwa kujumlisha wastani wa kila kituo na kugawa kwa idadi ya vituo. Chukueni vituo viwili tu, chetu na kile kikubwa. 2,689 na 3,110, ukigawa kwa mbili, unapata karibu 2,900. Namba hiyo inasema watoto wa eneo letu wamekuwa wepesi ghafla. Sasa jumlisheni gramu badala ya wastani: 24,200 zetu na 1,244,000 zao ni 1,268,200, na watoto ni 409. Jibu ni 3,101. Katika njia ya kwanza mtoto mmoja wa kwetu amepewa sauti ya watoto 44 wa kule. Wale pacha wawili walitikisa eneo zima.

Nisieleweke vibaya. Siombi zahanati ndogo ziachwe bila kuulizwa kwa kisingizio kwamba watoto ni wachache. Zahanati ndogo inaweza kuwa na tatizo la kweli, na mtoto mwenye gramu 1,500 anahitaji msaada hata kama wastani wa kituo ni mzuri. Yapo pia makosa ambayo wingi wa watoto hauyaponyi. Mizani inayopunguza gramu 100 itapunguza gramu 100 kwa watoto tisa na kwa elfu kumi. Na kwa kuwa sisi tunawapa rufaa kina mama wenye dalili za hatari, watoto wanaozaliwa kwetu hawawakilishi watoto wote wa eneo letu, hata tukiwahesabu miaka 20. Kuna na mazoea ya kukadiria. Katika rejista yetu nilikuta watoto wengi mno walioandikwa 2,500 na 3,000 kamili, na mtoto wa 2,460 anayeandikwa 2,500 ametoka kwenye hesabu ya uzito pungufu bila kula chochote. Hilo ni letu sisi, na tumeanza kusoma mizani hadi alama ya mwisho.

Namna ya kutofautisha ipo. Kuyumba kunakoletwa na uchache wa watoto huruka juu na chini ya wastani wa kawaida, na hupungua ukikusanya miezi pamoja. Tatizo la kweli hukaa upande mmoja, na ukikusanya miezi pamoja linazidi kuonekana wazi. Zahanati ikikaa chini ya kiwango chake cha kati miezi mitano mfululizo, bahati peke yake ingeleta hilo takriban mara moja tu katika 32. Hapo njooni, na njooni haraka.

Ninachoomba ni kidogo. Kando ya kila wastani iandikwe idadi ya watoto, kwa maandishi ya ukubwa ule ule. Kwa kituo kinachozalisha chini ya watoto 30 kwa mwezi, tumieni wastani wa miezi 12 inayosogea, mwezi mpya ukiingia na wa zamani ukitoka. Kwetu hiyo ni watoto wapatao 108, na kuyumba kunashuka kutoka gramu 167 hadi 48. Pacha wahesabiwe, lakini kwenye safu yao. Vituo visipangwe kama timu za ligi. Badala yake uchorwe mchoro wenye idadi ya watoto upande wa chini na wastani upande wa kushoto, ukiwa na mipaka miwili inayoanza mbali kwa vituo vidogo na kukaribiana kadiri vituo vinavyokuwa vikubwa, kama umbo la faneli iliyolazwa. Kituo kilicho nje ya mipaka yake chenyewe ndicho cha kutembelewa. Mchoro huo nimeuchora kwa rula na penseli kwa vituo ambavyo ripoti zao nilizipata. Mwezi ule alama yetu ilikuwa imegusa nje ya mpaka kwa sababu ya pacha, na kituo kimoja cha ukubwa wa kati, ambacho hakikupakwa rangi yoyote, kilikuwa chini ya mpaka wake kwa miezi mitatu. Sitakitaja hapa. Nimeambatisha mchoro huo kwenye nakala iliyoletwa ofisini, na naomba mwanze na kituo hicho.

La mwisho ni lile jalada. Barua ya onyo ya mkunga mwenzangu bado imo ndani yake, na anastaafu mwakani. Naomba iondolewe, na kama kanuni haziruhusu kuondoa karatasi, basi iwekwe juu yake nakala ya ukurasa wa rejista wa usiku ule: saa ya kuzaliwa, uzito 1,700 na 1,500, joto walipopokelewa rufaa, na saini ya aliyewapokea. Rejista iko hapa zahanati, rafu ya pili, na ndoo ya vipande vya karatasi iko chini yake. Yeyote kati yenu atakayefika anaweza kuchota tisa.

Wenu katika kazi,
Muuguzi wa zahanati